Akaunti ya simu ikifungiwa, tafuta kwanza majina matatu

Shangazi yangu anauza maandazi na supu Mbagala. Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti mwaka jana alifika dukani kuchukua kiroba cha unga wa ngano kama kawaida yake. Akaingiza kiasi, akaweka namba ya siri, na badala ya ujumbe wa malipo akaletewa maneno kwamba akaunti yake ya pesa imesitishwa kwa kuwa taarifa zake hazijakamilika, afike duka la huduma akiwa na kitambulisho. Ndani mlikuwa na shilingi 418,000. Kati ya hizo, 300,000 hazikuwa zake: yeye ndiye mweka hazina wa kikoba cha akina mama tisa, na zamu ya kumpa mwenzao ilikuwa Jumapili ile ile.

Alinipigia akiwa bado kwenye kaunta ya yule muuza unga. "Mwanangu, hela za watu zimeliwa."

Hazikuwa zimeliwa, na hilo ndilo la kwanza kulielewa. Pesa unayoiona kwenye simu haikai kwenye laini wala haikai kwenye mfuko wa kampuni ya simu. Kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni za pesa za kielektroniki zilizotoka mwaka huo huo, kila shilingi iliyomo kwenye simu za wateja lazima iwe na shilingi mwenzake benki, kwenye akaunti ya amana iliyotengwa kwa ajili ya wateja. Akaunti yako ikifungiwa, kilichofungwa ni mlango wa kutolea. Salio linabaki pale lilipokuwa, na anayestahili kulipata ni mtu ambaye kampuni inaweza kumtambua kuwa ndiye mwenyewe. Shida nzima iko kwenye maneno hayo ya mwisho.

Kabla ya kwenda popote hakikisha ni nini hasa kimefungwa, kwa sababu watu hupanga foleni ya saa tatu kwa shida ambayo ingekwisha kwa simu moja. Jaribu kupiga simu ya kawaida. Simu ikitoka na ujumbe ukienda, laini ni nzima na kilichosimamishwa ni huduma ya pesa peke yake. Simu isipotoka kabisa na mtandao unaonekana upo, laini yenyewe ndiyo imefungiwa, na pesa zimefungwa kwa kuwa zimeifuata laini. Ikiwa menyu ya pesa inafunguka lakini inakataa namba ya siri, huenda uliikosea mara kadhaa mfululizo. Hilo ni jambo jepesi, mhudumu wa simu hulimaliza kwa maswali machache. Na kuna aina ya nne ambayo haifanani na hizo: kiasi fulani kimeshikiliwa kwa sababu mtu amelalamika kwamba alikituma kwako kimakosa, au kuna tuhuma ya utapeli. Hiyo ina njia yake, na vitambulisho vyote vya dunia havitaifungua mpaka lalamiko limalizwe. Makala hii haiihusu.

Kwa hiyo tulipiga 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yetu hapa Tanzania. Tuliuliza maswali matatu na kuyaandika majibu yake kwenye karatasi: kilichosimamishwa ni laini au akaunti ya pesa? Sababu iliyoandikwa kwenye mfumo ni ipi, neno kwa neno? Je, pesa zikitumwa sasa zitaingia au zitamrudia mtumaji? Swali la tatu watu hulisahau. Akaunti nyingine hufungwa upande mmoja tu, yaani hupokea lakini hazitoi, na kila mteja anayekulipa anaongeza pesa nyuma ya mlango uliofungwa. Shangazi alikuwa na wateja wa supu wanaolipa kwa simu. Tuliwaambia siku ile ile walipe taslimu.

Jibu la pili lilikuwa fupi: "Taarifa za mmiliki hazilingani." Tatizo lilikuwa hapo.

Akaunti ya pesa ya simu ina majina matatu yaliyoandikwa sehemu tatu tofauti, na wenye simu wengi hawajawahi kuyalinganisha. Jina la kwanza liko NIDA, limefungwa pamoja na alama za vidole vyako na namba yako ya utambulisho. La pili liko kwenye usajili wa laini. La tatu liko kwenye akaunti ya pesa, nalo ndilo analoliona mtu kabla ya kukubali kukutumia. Kampuni inapofanya uhakiki inayaweka majina hayo bega kwa bega. Yakilingana, hutasikia lolote. Yakitofautiana, inatuma ujumbe wa kukutaka ukamilishe taarifa, na usipokwenda inafunga. Haifungi kwa kupenda. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inaidai imjue mteja wake.

Jina la NIDA utalisoma kwenye kitambulisho. Kama hujapata kadi, piga *152*00# na ufuate menyu mpaka kwenye huduma za NIDA ili upate namba yako. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa ikianza na mwaka: inayoanza na 19680512 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1968. Ziangalie hizo nane kwa makini. Kama tarehe si yako, kosa liko NIDA na litakufuata kila dirisha utakalokwenda.

Jina la laini linatafutwa kwa kupiga *106# ukiwa na laini hiyo hiyo ndani ya simu. Jina la akaunti ya pesa ni rahisi zaidi: mwombe mtu aanze kukutumia shilingi elfu moja, asome jina linalotokea, kisha aghairi. Kama akaunti inakataa hata hilo, tafuta ujumbe wa zamani kwenye simu ya mtu aliyewahi kukutumia. Jina lako limo.

Tulipiga *106# pale pale jikoni kwa shangazi, sufuria ya supu ikichemka, na jina lililotokea halikuwa lake. Lilikuwa la mtoto wa dada yake.

Wenye umri wa kukumbuka watajua limefikaje hapo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba, kisha ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020. Wiki zile ofisi za NIDA zilijaa watu waliolala nje wakisubiri namba. Shangazi hakuwa na namba, kijana alikuwa nayo, naye akamsaidia kwa nia njema kabisa: akaweka kidole chake, laini ikapona. Lakini akaunti ya pesa ilikuwa imefunguliwa tangu 2012 kwa kadi ya mpiga kura ya shangazi mwenyewe, ikabaki na jina lake. Kwa miaka zaidi ya mitano laini ilikuwa ya kijana na pesa zilikuwa za shangazi, na hakuna aliyeona tofauti kwa sababu kila aliyemtumia aliona jina sahihi. Nimekuja kugundua kwamba familia nyingi zina laini ya namna hii, ya bibi, ya mama mkwe, ya dada wa kazi. Ikiwa yako ni mojawapo, usisubiri ifungwe.

Ukishajua jina gani haliendani na mengine, utajua pia nini cha kukusanya, na orodha ya kila mtu itakuwa tofauti kidogo. Kitambulisho cha NIDA, au namba yake ikiwa kadi haijatoka, ni cha lazima kwa raia. Mgeni huenda na pasipoti na kibali chake, na mkimbizi na kitambulisho chake cha ukimbizi. Nenda na simu yenyewe ikiwa na laini ndani, imejaa chaji. Utaombwa upige namba fulani au upokee ujumbe wa kuthibitisha pale pale, na nimeshuhudia baba mmoja akirudishwa mwisho wa foleni kwa sababu simu ilizimika alipofika dirishani. Kama simu au laini imepotea, utahitaji ripoti ya upotevu kutoka polisi kabla ya lolote.

Kisha kuna ushahidi kwamba akaunti unaitumia wewe, na huu watu huudharau. Mhudumu ana maswali yake: salio lako la mwisho ni kama kiasi gani? Muamala wa mwisho ulikuwa wa nani? Taja namba unazozipigia mara kwa mara. Anayejibu haya bila kubabaika anaaminika haraka. Shangazi hakumbuki namba ya mtu yeyote, zote zimo kwenye simu kwa majina kama "Unga" na "Mama Kikoba". Kwa hiyo usiku ule tulikaa na daftari la hesabu za mwanafunzi tukaandika miamala kumi ya mwisho: tarehe, kiasi, jina la upande wa pili, na kumbukumbu namba ya kila muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ulio mwanzoni mwa ujumbe. Ujumbe huo ni risiti. Usiufute hata mmoja mpaka akaunti ifunguke, na kama simu yako hufuta yenyewe inapojaa, upige picha kwa simu nyingine.

Kitu ambacho hakiendi dukani ni namba yako ya siri. Haiandikwi kwenye fomu, haisemwi dirishani, haitumwi kwa ujumbe. Siku ile ile ya kufungiwa, saa nane mchana, shangazi alipigiwa na mtu kwa namba ya kawaida, mwenye sauti ya upole na anayejua kwamba kuna zoezi la uhakiki. Alimwita mama, akamwambia anaweza kumfungulia hapo hapo bila kwenda dukani, amtajie tu namba ya siri na zile tarakimu zitakazoingia kwenye ujumbe. Sidhani kama alijua akaunti imefungwa. Watu hawa hupiga kwa mamia, na wakati wa uhakiki maneno yao humfaa kila mtu. Shangazi alikata simu. Ujumbe ambao mtu huyo alimtumia baadaye tuliutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli, ukifuatwa na namba yake.

Palipo na mtu wa pili kwenye usajili, kama alivyokuwa yule kijana, kitu kikubwa kuliko karatasi zote ni yeye mwenyewe. Umiliki wa laini hauhamishwi kwa barua wala kwa picha ya kitambulisho chake. Anatakiwa afike, aweke kidole kukubali kuiachia, na wewe uweke chako kuipokea. Kijana wetu anafanya kazi Morogoro. Jumamosi alipanda treni ya SGR asubuhi, na saa nne tulikuwa wote watatu kwenye duka la huduma la kampuni.

Nasema duka la huduma la kampuni, si wakala wa kutolea pesa wala kijana aliyekaa chini ya mwavuli barabarani. Wakala wa mtaani hana uwezo wa kufungua akaunti. Mfumo wake unamruhusu kuweka na kutoa tu. Anaweza kukuambia "niachie laini mpaka jioni", na hata akiwa mtu mwema, hakuna atakachofanya zaidi ya kukupotezea siku.

Kabla hujasaini kuhamisha umiliki, simama uulize pesa zitakuwaje. Hapa ndipo mpangilio unapoweza kukuumiza. Kwa shangazi, akaunti ya pesa ilikuwa tayari kwa jina lake, hivyo kuhamisha laini kulikuwa kunaileta laini kwenye jina la pesa. Hilo lilikuwa sawa. Lakini kama laini na akaunti ya pesa zote zingekuwa kwa jina la kijana, mbele ya kampuni pesa zile ni za kijana, haijalishi nani alizitafuta. Katika hali hiyo yeye ndiye anatakiwa kuhakikiwa kwanza, atoe salio lote lifike sifuri, ndipo laini ihamishwe na mmiliki mpya aanze akaunti yake. Ukihamisha kabla ya kutoa, unaweza kujikuta na laini yenye jina lako na pesa zilizobaki kwenye akaunti ya mtu aliyeondoka. Zitapatikana, lakini kwa barua na majuma. Mhudumu mzuri atakuambia hili bila kuulizwa. Uliza hata hivyo.

Kijana aliweka kidole, kikapita mara ya kwanza. Ikafika zamu ya shangazi.

Shangazi amekanda unga na kugeuza maandazi kwenye mafuta ya moto kwa zaidi ya miaka ishirini. Dole gumba lake la kulia limelainika kama kokoto ya mtoni. Mhudumu alilibonyeza kwenye kile kisanduku chenye mwanga, mashine ikakataa. Akalifuta kwa kitambaa, ikakataa. La kushoto, ikakataa. Nilimwona shangazi akiificha mikono chini ya khanga, kama mtu aliyeonekana na kosa, na iliniuma sana, kwa sababu mikono ile ndiyo iliyomsomesha yule kijana aliyekuwa amesimama pembeni yake.

Hili huwapata wakulima, wafua nguo, mafundi ujenzi na wapishi, na lina namna ya kulikabili. Mashine inasoma matuta madogo ya ngozi, na ngozi kavu iliyopasuka haiachi alama. Jana yake usiku paka mafuta mikononi. Asubuhi osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha vizuri, usishike saruji wala majivu. Dirishani usikandamize kwa nguvu, maana ukibonyeza sana matuta hulala. Gusa tu, tulia, hesabu mpaka tatu. Na vidole vyote kumi vilichukuliwa NIDA, kwa hiyo omba vijaribiwe vingine. Kidole cha pete na cha mwisho cha mkono usioutumia sana ndivyo huwa vimesalimika. Cha shangazi kilichopita kilikuwa cha pete, mkono wa kushoto, jaribio la saba. Vikikataa vyote, uliza kama unaweza kuhakikiwa kwa kujibu maswali yanayotokana na taarifa zako za NIDA, mfano jina la mama au shule ya msingi uliyosoma. Isipowezekana, njia iliyobaki ni ofisi ya NIDA ya wilaya, uombe alama zichukuliwe upya.

Jambo moja tu kuhusu majaribio hayo saba: kila unapoambiwa "weka tena", tazama skrini. Haki yako ni kuona imeandika nini. Kwenye duka la kampuni tulioneshwa. Nitalirudia hili mwishoni.

Kufikia saa sita mchana, *106# ilikuwa inaonesha jina la shangazi. Alishangilia. Akafungua menyu ya pesa ili atoe hela za kikoba, na akaunti ikawa bado imefungwa.

Hili liwe moyoni mwako kabla hujatoka nyumbani: laini kusahihishwa si sawa na pesa kufunguliwa. Usajili wa laini humalizika pale dirishani kwa dakika chache, lakini akaunti ya pesa hupitiwa na watu wengine walio ofisini, wanaofungua ombi, wanatazama picha ya kitambulisho na kulinganisha majina kwa macho. Mhudumu alitupa namba ya ombi na kutuambia siku tatu za kazi. Jumapili haihesabiwi, kwa hiyo tulikuwa tunazungumzia Jumatano. Usiondoke dirishani bila vitu vitatu: namba ya ombi, jina la mhudumu, na tarehe waliyokuahidi. Ukiwa na hivyo, utakapopiga 100 hutaanza hadithi upya kwa kila anayepokea.

Jumapili ilimkuta shangazi hana hela za kikoba. Alikwenda kwenye kikao na ujumbe wa kampuni, karatasi ya ombi na lile daftari la miamala, akawasomea wenzake. Walimwelewa, lakini najua hakulala. Tangu siku hiyo hela za kikoba haziingii tena kwenye akaunti binafsi ya mtu mmoja, na ningeshauri kikoba chochote kifungue akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mitandao na benki wanazo.

Jumatano ujumbe ulikuja: ombi limekataliwa. Tulirudi dukani Alhamisi. Sababu ilikuwa ndogo mno: NIDA jina la baba yake limeandikwa Khamis, na akaunti ya 2012 ilisema Hamisi. Tena NIDA wana majina matatu na akaunti ilikuwa na mawili. Kwa mtu anayemjua ni yule yule. Kwa anayelinganisha herufi ni watu wawili. Tofauti za namna hii ni nyingi pwani, Hamisi na Khamis, Fatma na Fatuma, Athumani na Othman, na pia kwa wanawake walioandika jina la mume sehemu moja na la baba sehemu nyingine.

Kanuni ya kushika ni kwamba NIDA ndiyo msingi. Kama NIDA wako sahihi, unaomba akaunti ya pesa irekebishwe ifuate NIDA, na unaleta kitu kinachoonesha kwamba yule wa jina la zamani ni wewe. Shangazi alikuwa bado ana ile kadi ya mpiga kura, ndani ya sanduku la bati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, yenye picha yake na jina lile lile la Hamisi. Ilimaliza mjadala. Angekuwa ameipoteza, angehitaji hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili au mahakamani, inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kwa jina la ndoa, cheti cha ndoa. Lakini kama kosa liko NIDA kwenyewe, usihangaike na kampuni ya simu kwanza. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na cheti cha kuzaliwa, sahihisha huko, ndipo urudi. Ukianza na kampuni utaandikwa upya kwa kosa lile lile.

Ijumaa, siku ya saba tangu pale kwa muuza unga, akaunti ilifunguka. Alitakiwa kuweka namba mpya ya siri. Salio lilisoma shilingi 395,000 badala ya 418,000, na akageuka kunitazama kwa hofu. Zilizopungua 23,000 zilikuwa deni. Alikuwa amechukua mkopo wa simu siku mbili kabla ya kufungiwa, na ada yake iliendelea kuhesabiwa akaunti ilipokuwa imefungwa. Mlango ulipofunguka, deni ndilo lilipita la kwanza. Kama una mkopo wa simu wakati wa kufungiwa, uliza dirishani kama unaweza kuulipa kwa njia nyingine, na kama ada imeongezeka kwa siku ambazo hukuweza kulipa hata ukitaka, liweke hilo kwa maandishi. Shangazi aliandika. Alirudishiwa sehemu.

Ingekuwaje kama Ijumaa ile isingefika? Lalamiko huanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, lenye namba ya ombi na tarehe, na unabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Likikwama, shida ya laini inapelekwa TCRA, ambao wana ofisi za kanda, na shida ya pesa inapelekwa Benki Kuu ya Tanzania, yenye ofisi Arusha, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Mtwara na Zanzibar. Ukienda kwao bila kupita kwa kampuni, watakurudisha.

Ikiwa mwenye jina amefariki, hakuna kidole kitakachowekwa. Watu wengi huendelea kutumia namba ya siri ya marehemu, nao hufungiwa kwa uhakiki kama wengine, na hapo hawana la kusema dirishani. Njia ni cheti cha kifo kutoka RITA na barua ya msimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama. Msimamizi ndiye anayekabidhiwa salio. Na wakati wote unaposubiri, usiitupe laini ukanunua mpya, wala usiiache bila kuiwasha miezi na miezi. Laini isiyotumika hufutwa na namba kupewa mtu mwingine.

Tulipotoka dukani Ijumaa ile shangazi alitoa kwanza shilingi 300,000 za kikoba, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nikamwomba simu kwa dakika moja. Nilipiga *106# tena, na safari hii sikuangalia jina la laini yake. Niliingia kwenye sehemu ya kuona namba zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Nilitarajia moja. Zilikuwa mbili, na ya pili hakuijua kabisa.

Tukakaa kwenye benchi la nje tukijaribu kukumbuka. Mwezi wa Mei alikuwa amekwenda kwa kijana wa mwavuli, kabla hajajua lolote, kuuliza kama laini yake ina shida. Yule kijana alimwambia aweke kidole ahakikishe. Kidole kikagoma, akaambiwa aweke tena, na tena, na mwisho akaambiwa haina shida, mama nenda. Huenda ndipo ilipozaliwa laini ya pili, kwa jina lake, mikononi mwa mtu asiyemjua, anayeweza kuitumia kwa lolote na polisi wakaja Mbagala kumuuliza yeye.

Shangazi alisimama, akakaza pindo la khanga, akarudi ndani. Dirisha lilikuwa lile lile. "Mwanangu," alimwambia mhudumu, akinyoosha kidole cha pete cha mkono wa kushoto kabla hajaombwa, "kuna namba hapa si yangu. Nataka uitoe, na nataka nione ikitoka."